Utepe Si Uzi: Kutunga Utepe Usipinde na Kulaza Petali Zilizolegea

Katika daftari la darasa la ushoni la madrasa yetu ya Mangapwani kuna ukurasa mmoja uliotukosesha raha kwa muda wa wiki nzima. Mabinti wa darasa hilo walikuwa wamepokea kazi ya kudarizi foronya sita za harusi, kila foronya maua matatu ya utepe kwenye pembe moja. Maua kumi na manane kwa jumla. Tulinunua Darajani wari kumi za utepe wa satini, rangi ya waridi iliyopauka, tukahesabu kuwa kila wari itatoa maua mawili na bado kutabaki akiba. Wari zote kumi ziliisha. Maua yaliyokubaliwa na mwalimu yalikuwa saba.

Sisi ndio tunaoshika daftari hilo, kwa kuwa ukatibu wa kamati ya msikiti umekuja na mzigo wa hesabu za madrasa pia, na jambo la kwanza lililotupitikia ni kwamba utepe umepotea. Haukupotea. Mwalimu wa darasa, mama wa makamo aliyejifunza kazi hii mjini, alituletea mfuko wa nailoni uliojaa vipande vilivyofumuliwa. Vilikuwa vimejikunja kama kamba, kingo zake zimechanika nyuzi, na havikufaa tena kwa lolote. Hapo ndipo tulipoelewa kwamba utepe una tabia tofauti na uzi. Uzi ukikosewa hufumuliwa ukashonwa tena. Utepe uliokwisha kupita kwenye kitambaa mara kadhaa na kuvutwa vibaya haurudi kuwa utepe. Kosa katika kazi hii hulipiwa kwa bidhaa yenyewe.

Tukaomba kuoneshwa. Mwalimu alicheka kidogo, akatupa sindano, kipande cha bafta kilichovishwa kwenye fremu ya duara, na utepe kiasi cha shibiri moja na nusu. “Shona wewe, Katibu,” alisema, “halafu ndipo uandike hesabu.” Sisi tumekulia barazani tukishona kofia za viua pamoja na kaka zetu, na tulidhani mkono wetu haukosi ujuzi wa sindano. Petali yetu ya kwanza ilitoka kama mkia wa panya. Ya pili vivyo hivyo.

Sababu yake ni hiyo hiyo kofia. Anayeshona kiua cha kofia hutoboa kitambaa, akazungusha uzi pembeni mwa tundu, na kila hatua hukaza, kwani kiua kilicholegea hakisimami. Mkono huzoea kuvuta mpaka usikie kitambaa kimekataa. Kwa utepe mazoea hayo ni maangamizi. Uzi ni mviringo. Hauna upande wa juu wala wa chini, na ukijizungusha hakuna atakayeona. Utepe una upana, una kingo mbili, na mara nyingi una uso mmoja unaong’aa na mwingine uliofifia. Uzuri wote wa ua umo katika upana huo. Ukiuvuta kama uzi unaugeuza kuwa uzi, tena uzi mbaya.

Darizi hii si ya asili ya pwani yetu. Ilistawi Ufaransa katika karne ya 18, ambako wanawake wa jumba la kifalme walipambiwa magauni kwa maua ya tepe za hariri, kisha ikasambaa katika nchi nyingine za Ulaya na ng’ambo. Kwetu imeingia kwa mito, foronya na vitambaa vya makochi, na utepe unaotumiwa zaidi si wa hariri bali ni wa satini ya nailoni au poliesta, ambao ni mgumu kidogo na bei yake huwezekana. Tofauti hiyo ina maana. Hariri ni laini, hujikunja kwa kuguswa tu. Satini ya dukani hukataa kwanza, kisha hukubali kwa ghafla, na ndiyo maana anayejifunza nayo anahitaji kujua mahali pa kusimamisha mkono.

Tuanze na sindano, kwa sababu nusu ya hasara yetu ilianzia hapo. Mabinti wengi walitumia sindano za kawaida za kushonea nguo. Utepe wa upana wa milimita 6 ukisokomezwa kwenye tundu dogo hukunjika mara tatu au nne, na ukitoka upande wa pili tayari una mikunjo ya urefu isiyofutika. Zaidi ya hayo, tundu ambalo sindano nyembamba hulifungua kwenye kitambaa ni dogo kuliko utepe, kwa hiyo utepe hupita kwa kukwaruzwa. Wawili wao walikuwa wamekwenda kinyume kabisa, wakachukua shazia ya kushonea magunia. Utepe ulipita kwa raha, lakini bafta ilibaki na mashimo ambayo hata maji ya moto hayakuyafunga.

Sindano inayofaa ni fupi na nene kiasi, yenye tundu refu na ncha kali. Kwenye pakiti sindano hizi huwa na namba kutoka 18 hadi 24, na mnunuzi ajue kwamba namba ikiwa ndogo ndivyo sindano inavyokuwa kubwa. Kwa utepe wa milimita 6 au 7 tunatumia namba 18; kwa utepe wa milimita 4 namba 20 au 22 hutosha. Zipo nyingine zinazofanana nazo ambazo ncha yake ni butu. Hizo ni za kushonea sufu, nazo hazitoboi bafta wala haziwezi kutoboa utepe wenyewe, jambo ambalo tutaona kuwa ni la lazima. Kipimo cha mkono ni rahisi. Utepe ukipita kwenye kitambaa kwa sauti ya kukwaruza, na ukilazimika kuuvuta kwa nguvu, sindano ni ndogo. Ukipita na kuacha shimo unaloliona pembeni mwake, sindano ni kubwa.

Kosa la pili lilikuwa urefu. Mabinti walikata wari nzima nzima, wakiona kwamba kutunga sindano mara nyingi ni kupoteza wakati. Hebu tulifuate jambo hili mpaka mwisho wake. Petali moja hupitisha utepe kwenye kitambaa mara mbili, mara moja kupanda na mara moja kushuka. Ua la petali tano hupita mara kumi. Anayetaka kushona maua mawili kwa kipande kimoja huupitisha utepe ule ule wa mwisho karibu mara ishirini kabla haujafika zamu yake ya kuwa petali, na kila mapito hunyonya mng’ao, hulegeza kingo na kuongeza mpindo. Ndiyo maana ua la kwanza la kila mmoja wao lilikuwa zuri kiasi, na la pili likafumuliwa. Tatizo halikuwa uvivu wa mwisho wa siku kama tulivyodhani. Utepe wenyewe ulikuwa umechoka.

Mwalimu hupima kwa mkono: shibiri moja na nusu, kama sentimita 34. Kwa petali yenye urefu wa sentimita moja na nusu, utepe unaotumika mbele, nyuma na ulegevu wake ni karibu sentimita 4. Petali tano ni sentimita 20. Kinachobaki huliwa na fundo la mwanzo, na mkia wa mwisho, na sehemu iliyoshikwa na sindano ambayo hutupwa. Kipande kimoja, ua moja, basi.

Sasa kutunga. Ncha itakayoingia kwenye sindano hukatwa kwa mshazari, ili iwe na kona moja kali inayopenya tundu bila kukunjika. Wengine huunguza ncha ya satini kwa kiberiti isichanike nyuzi. Kwa utepe wa kufungia zawadi ni sawa, ila hapa moto huacha ushanga mgumu pembeni ambao hukwama tunduni, nasi tumeuacha. Ukishaingiza ncha, ivute upande wa pili kiasi cha sentimita 5, ukiangalia kuwa utepe umelala bapa ndani ya tundu, haukukunjwa. Kisha chukua ncha hiyo hiyo ya mshazari, na kwa kikomo cha sindano itoboe katikati ya upana wake, nusu sentimita hivi kutoka mwisho. Shika mkia mrefu wa utepe na uuvute taratibu kuelekea chini. Ile ncha iliyotobolewa itapanda kwenye mwili wa sindano mpaka ifike tunduni, nayo itajifunga hapo.

Hiyo ndiyo kufuli ya utepe. Asiyeifunga huona utepe ukiteleza ndani ya tundu kwa kila mshono, mara unatoka, mara unarudishwa, na kila unaporudishwa huingia umegeuka upande. Akichoka hufunga fundo kwenye sindano kama afanyavyo kwa uzi, na fundo hilo ndilo linalopanua mashimo. Utepe uliofungwa kwa kutobolewa hauna uvimbe wowote. Hupita kwa unene wake tu, na hukaa ulivyowekwa.

Mwisho wa pili wa utepe nao unahitaji fundo, na hapo vilevile fundo la kawaida halifai, kwani huwa gumba kama punje ya mtama na foronya ikipigwa pasi hujitokeza mbele. Kunja ncha ya utepe nusu sentimita, ikunje tena mara ya pili juu yake, kisha toboa katikati ya mikunjo hiyo kwa sindano na upitishe sindano pamoja na utepe wote mpaka mwisho. Kunabaki kifundo bapa, laini, kinachoshika nyuma ya kitambaa bila kuonekana. Kikivutwa kwa nguvu hupenya na kutoka mbele. Kivute mpaka kiguse tu.

Tuliposhona petali yetu ya tatu, utepe ulikuwa umefungwa vizuri, urefu ulikuwa sawa, sindano ilikuwa ile inayotakiwa, na bado utepe ulitoka umepinda. Mwalimu hakusema kitu. Alitushika mkono wa kulia kwa ncha ya rula yake na kututaka tuangalie vidole. Kila tulipochomoa sindano, kidole gumba kiliisokota kidogo kuelekea ndani, kama vile mtu anavyosokota uzi wa kofia ili usifumuke. Hatukuwa na habari. Robo ya mzunguko kwa kila mshono, na baada ya mishono minne utepe umezunguka duara kamili.

Dawa yake ni mambo mawili, nayo hufanywa kwa kila mshono bila kuacha. La kwanza ni kuiachia sindano ining’inie baada ya kila petali moja au mbili. Igeuze fremu juu ya mkono, iache sindano ishuke kwa uzito wake, na utauona utepe ukijizungusha wenyewe kurudi hali yake. La pili ni kuulaza. Utepe ukishapanda mbele ya kitambaa, usiukimbilie. Chukua sindano nyingine, au upande wa tundu wa sindano ile ile, uipitishe chini ya utepe karibu na ulipotokea, kisha uiteleze kuelekea mbali na shimo huku kidole gumba cha kushoto kikiukandamiza utepe juu yake. Upana hufunguka, mikunjo midogo huondoka, uso unaong’aa hutazama juu. Kidole gumba hubaki hapo hapo, juu ya utepe, mpaka petali ikamilike. Mabinti waliokuwa na haraka waliona jambo hili ni madaha. Waliolifuata hawakufumua tena.

Nyuma ya kitambaa hakuna atakayepaona, na wengi hupadharau. Lakini utepe uliopinda nyuma hupanda mbele ukiwa umepinda, kwa kuwa shimo ni moja. Ukiona petali mpya inatoka shimoni kama kamba, geuza fremu kabla hujagusa kitu mbele. Mara tisa kati ya kumi kosa liko huko.

Sasa tumefika kwenye petali. Kwenye bafta iliyokazwa ndani ya fremu mwalimu huchora kwa penseli nyepesi kiduara kidogo cha katikati, kipana kama punje ya mbaazi, na kukizunguka huweka nukta tano, kila moja sentimita moja na nusu kutoka ukingo wa kiduara. Utepe hupanda kwenye ukingo wa kiduara na kushuka kwenye nukta. Hapo ndipo darizi hii inapotengana na nyingine zote, kwa maana sindano haishuki kando ya utepe, bali hushuka kupitia utepe wenyewe, katikati ya upana wake.

Ulaze utepe bapa kuelekea kwenye nukta na kuipita kidogo. Kisha usukume utepe nyuma kuelekea katikati ya ua, kiasi cha kufanya kilima kidogo; huo ndio ulegevu wa petali, na petali isiyopewa ulegevu sasa haitaupata baadaye. Aliye mgeni wa kazi huweka mrija wa kunywea soda chini ya utepe, ukikatiza petali, ili kilima kisiporomoke na petali zote tano ziwe na kimo kimoja. Sisi tulitumia kijiti cha kiberiti, na kwa petali ndogo kilitosha. Toboa utepe katikati kwenye nukta, shusha sindano, na anza kuvuta kutoka nyuma.

Vuta polepole, na macho yawe mbele kwenye petali, si kwenye sindano. Kwanza hutaona kitu. Utepe wa ziada unashuka. Kisha kingo mbili za mwisho wa utepe huanza kujikunja kuelekea ndani, kulia na kushoto kwa pamoja, kama ukindu mbichi unavyojikunja juani. Baada ya hapo katikati yake hujitokeza kincha chembamba. Simama. Hapo hapo. Nafasi iliyopo kati ya petali iliyokamilika na petali iliyokufa haizidi upana wa ukucha, na satini ya dukani huipita nafasi hiyo kwa mruko mmoja ikiwa mkono unavuta mfululizo. Mwalimu huvuta kwa vipande: kidogo, anasimama, anatazama, kidogo tena. Ukishaona kincha, chomoa mrija.

Petali iliyovutwa kupita kiasi hujulikana bila kuuliza: mikunjo ya pembeni imeshuka shimoni pamoja na utepe, na kilichobaki ni mstari mwembamba uliobana kitambaa. Ikigunduliwa papo hapo inaweza kuokolewa. Ingiza upande butu wa sindano chini ya petali, iinue kwa upole huku ukiulegeza utepe nyuma, na mara nyingi kingo hurudi. Ukishashona petali inayofuata, nafasi hiyo imekwisha, kwa sababu utepe wa nyuma umeshakazwa.

Ipo dalili nyingine iliyotushangaza. Petali zetu tatu zilikuwa na kincha kilichoegemea upande mmoja, kana kwamba upepo wa kusi unayapiga maua. Tulidhani ni mpindo. Sivyo. Sindano ilikuwa imetoboa utepe nje ya katikati, na petali huegemea upande ilipotobolewa, huku ukingo wa pili ukijikunja zaidi. Mwalimu alisema kwamba anayejua hufanya hivyo kwa makusudi ili petali zisifanane kama za plastiki, na akatuonesha ua moja ambalo petali mbili zake ziliegeshwa hivyo. Hata mpindo wenyewe una mahali pake: anayetaka kushona mlangilangi, ambao petali zake ndefu za manjano hujipinda kwa maumbile, huuzungusha utepe nusu mzunguko kabla ya kutoboa. Lakini huo ni mpindo ulioalikwa.

Ulegevu una adui mmoja zaidi, nao ni petali jirani. Umemaliza ya kwanza vizuri, unapanda kwa ajili ya ya pili, unavuta utepe wa nyuma, na ya kwanza inaporomoka mbele ya macho yako. Utepe ni mmoja. Ukivuta huku, kunakaza kule. Kwa hiyo kidole gumba cha kushoto hukaa juu ya petali iliyotangulia wakati wote utepe unapopanda kwa ajili ya inayofuata. Vilevile kule nyuma sindano isiupite utepe wa petali iliyotangulia kwa kuutoboa, kwani itauvuta. Kabla ya kupanda, papasa nyuma kwa kidole ujue tepe zimelala wapi, na uzikwepe. Tusiruke pia kutoka ua moja hadi jingine kwa utepe ule ule. Daraja la utepe nyuma ya foronya hunaswa na vidole vya anayevisha mto, na mvuto mmoja tu huua petali mbili kwa pamoja.

Petali ya tano ikikamilika, usifunge fundo, kwani fundo litavuta petali hiyo ya mwisho. Acha mkia wa sentimita 2, uulaze nyuma juu ya utepe ulio karibu, na uushike kwa mishono miwili mitatu ya uzi mwembamba wa kushonea wenye rangi inayoelekeana, bila kutoboa hadi mbele. Kiduara cha katikati, pamoja na mashimo matano ya mwanzo, hufichwa kwa vifundo vya uzi wa manjano: zungusha uzi mara mbili kwenye sindano, shusha karibu na ulipopandia, kaza. Hapa, na hapa tu, mkono wa kofia una faida. Shanga zingependeza zaidi kwa macho, ila foronya ni kitu cha kulalia.

Kwa jambo hilo hilo la kulalia, maua huwekwa pembeni kabisa mwa foronya, mbali na mahali pa kichwa, kwa kuwa petali zilizolegea hazivumilii kusuguliwa usiku kucha. Nguo ya kazi ya kila siku haifai kwa darizi hii, na aliyeagiza aambiwe mapema.

Rangi nayo huaibisha. Kabla ya kukata, tunalowesha kipande kidogo cha utepe kwa maji na kukikandamiza kwa pasi ya uvuguvugu juu ya kitambaa cheupe. Wekundu wa damu ya mzee na buluu iliyokoza mara nyingi huacha alama. Tuliwahi kutupa foronya nyeupe nzima kwa kutofanya jaribio hili la dakika moja. Kufua ni kwa mkono, maji baridi, sabuni laini, bila kukamua. Foronya huviringishwa ndani ya taulo inyonye maji, kisha huanikwa kivulini. Pasi hupigwa upande wa nyuma, maua yakiwa yamelala juu ya taulo nene, na pasi isikae juu yake bali iguse na kuinuka.

Turudi kwenye daftari. Kulikuwa na maua kumi na moja yaliyobaki na hakukuwa na utepe. Kamati ilikubali kununua wari tano, kwa sharti kwamba ziletwe kwa urefu mmoja bila kukatwa dukani. Wari tano ni karibu sentimita 457. Kwa shibiri moja na nusu zilitoa vipande kumi na tatu. Maua kumi na moja yalishonwa kwa siku tatu, baada ya Alasiri, kipande kimoja kimoja mkononi mwa kila binti na kingine kisitolewe mpaka mwalimu atazame nyuma ya fremu. Kipande kimoja kiliharibika, kwa binti aliyefunga fundo kwenye sindano akidhani hatuoni. Kimoja kilibaki, nacho kimebandikwa kwenye ukurasa wa daftari palipokuwa na ile hesabu.

Foronya moja ilikuwa na mashimo mawili ya shazia yaliyokataa kufunga hata baada ya kulowekwa na kukwaruzwa kwa ukucha. Mwalimu aliyafunika kwa majani mawili ya utepe wa kijani, yaliyoshonwa kwa mshono ule ule wa petali ila marefu zaidi na yaliyokazwa kidogo, likiwa limepandia shimo moja na kushukia pembeni mwa ua. Ili foronya hiyo isijulikane, ikabidi foronya nyingine tano nazo zipewe majani. Mama wa bibi harusi alipozipokea alizigeuza zote sita kutazama nyuma, kama afanyavyo mtu anayejua darizi, kisha akauliza majani ya namna ile yanatozwa kiasi gani kwa mapazia.